Fundi wa mashua bila hati ya mshahara: kisa cha kufungua akaunti ya benki Lamu

Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na kwa muda mrefu imekuwa kijiji cha waunda vyombo. Fundi ninayemweleza hapa ni mmoja wao. Ana miaka hamsini na kitu, tezo ameishika tangu ujana, na maisha yake yote hajaajiriwa na mtu. Hulipwa na mwenye chombo, chombo kwa chombo, na fedha nyingi huzipokea mkononi. Akaunti ya benki hakuwa nayo kwa sababu kazi yake haikuwahi kuidai.

Ikaja kuidai. Mwenye nyumba ya wageni huko Shela alitaka mashua ya kutembezea wageni, wakakubaliana shilingi 720,000 kwa awamu tatu: 300,000 mkuku ukiwekwa, 250,000 mataruma na mbao zikishakamilika, na 170,000 siku ya kushua chombo. Mhasibu wa mteja akasema hatoi fedha taslimu, na M-Pesa hairuhusu kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Alitaka akaunti ya benki yenye jina la fundi mwenyewe. Fundi akaja Amu mjini na kitambulisho mfukoni, akaingia benki, akatoka na jibu moja: alete hati ya mshahara ya miezi mitatu.

Alipofika kwangu alikuwa ameshakata tamaa. Mimi niliwahi kukaa upande wa pili wa kaunta, na sasa huwasaidia watu kujaza makaratasi ya namna hii. Kabla ya kumuuliza ana hati gani, nilimuuliza alisema nini.

"Ami, ulimwambiaje yule afisa?"

"Nilimwambia nataka akaunti, na wakiweza wanikopeshe ya mbao."

Hapo ndipo shauri lilipoharibika. Afisa wa kaunta akisikia mkopo, hutoa orodha ya mkopo, na kwenye orodha hiyo hati ya mshahara hukaa juu kabisa. Hati hiyo pia hudaiwa kwa ile akaunti ya mshahara, ambayo benki huwafungulia watu ambao mwajiri wao atakuwa akiwalipa humo kila mwezi. Fundi hakuhitaji akaunti ya mshahara, na mkopo haukuwa wa siku ile. Alihitaji akaunti ya kawaida ya mtu binafsi, ya kupokea fedha, kuweka na kutoa. Nilimwambia akirudi ataje hiyo tu, na kama anataka isiyo na riba aseme hivyo tangu mwanzo, kwa sababu benki za Kiislamu zina akaunti zake, na benki nyingine kadhaa zina dirisha la huduma hizo. Hati zinazotakiwa hazitofautiani sana, kwa kuwa sheria inayozitaka ni ileile.

Sheria yenyewe ni ya 2009, ile ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu. Inaitaka benki imtambue mteja kwa hati rasmi kama kitambulisho cha taifa au pasipoti, na ihifadhi kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 7. Miongozo ya Benki Kuu ya Kenya inaitaka benki pia ielewe mteja anafanya shughuli gani na fedha zake zinatoka wapi. Basi benki ina maswali mawili tu kwa mtu wa kawaida: wewe ni nani, na fedha zitakazopita hapa ni za kazi gani? Hati ya mshahara ni jibu fupi la swali la pili kwa mtu aliyeajiriwa. Asiye nayo hulijibu swali hilohilo kwa karatasi nyingine, na kazi yetu ilikuwa kuzitafuta karatasi hizo.

Swali la kwanza lilionekana jepesi. Kitambulisho cha fundi kilikuwa kizima, majina yote matatu yanasomeka, na picha bado inamfanana. Ni lazima kiwe kile chenyewe. Benki hutaka kukiona cha asili hata kama nakala unayo, na karatasi ya kusubiri kitambulisho kwa kawaida haikubaliwi. Afisa huingiza nambari ya kitambulisho kwenye mfumo, na majina yanayotokea kutoka sajili ya serikali ndiyo yatakayoandikwa kwenye akaunti. Kwa hiyo kila karatasi nyingine sharti ifuate majina ya kitambulisho, herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kuandikwa Mohamed kwenye cheti cha madrasa, Muhammad kwenye mkataba na Mohammed kwenye kitambulisho, na sote tukajua ni yeye. Mfumo wa benki haujui hivyo. Nilimwambia fundi asiandike jina lake popote kabla ya kutazama kitambulisho.

Picha mbili za pasipoti alikuwa nazo. Benki nyingine siku hizi humpiga mteja picha palepale kaunta, lakini kwa mtu anayetoka Matondoni, ambaye maji yakikauka chombo hakiondoki, ni afadhali kubeba picha zisizohitajika kuliko kurudishwa kwa ajili ya picha.

Kisha ikaja pini ya KRA. Sheria ya taratibu za kodi ya 2015 imetaja kufungua akaunti katika taasisi ya fedha kuwa miongoni mwa mambo yanayohitaji pini. Fundi alisema hana. Kijana wa saiba alipojaribu kumsajili kwenye iTax, mfumo ukamkatalia kwa kuwa nambari ile ya kitambulisho tayari ilikuwa na pini. Tukamwuliza fundi, akakumbuka: miaka ya nyuma aliponunua kiwanja, saiba moja ilimshughulikia makaratasi. Pini ilikuwepo, ila barua pepe iliyowekwa ilikuwa ya mwenye saiba, na saiba hiyo imeshafungwa. Nywila ikisahauliwa, mpya hutumwa kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua.

Nimeliona jambo hili kwa watu wengi wa umri wake, na dawa yake si kutafuta pini ya pili, kwa kuwa mtu hana haki ya kuwa na mbili. Mwenye pini huenda mwenyewe na kitambulisho chake kwenye ofisi ya KRA au kituo cha Huduma, akaomba barua pepe ibadilishwe iwe yake. Fundi alifunguliwa barua pepe na bintiye, nywila ikaandikwa kwenye daftari la nyumbani, kisha akaenda akabadilishiwa. Ile karatasi ya pini ikachapishwa. Kwa mtu binafsi pini huanza na herufi A, hufuatwa na tarakimu tisa na kumalizika kwa herufi nyingine. Kabla ya kuipeleka benki tuliipitisha kwenye PIN Checker iliyo kwenye ukurasa wa iTax, tukahakikisha jina ni lake na pini iko hai.

Alipoambiwa ana marejesho ya miaka kadhaa ambayo hayakuwasilishwa, alishtuka akadhani benki itamkataa. Mtu hakataliwi kwa hilo. Benki huangalia kama pini ipo na ni yako. Deni la faini ni kati yako na KRA, na nitalirudia mwishoni.

Kilichotuchelewesha zaidi ya vyote ni laini ya simu.

Nilikuwa nimepanga kwamba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita ndiyo iwe ushahidi mkuu wa kipato. Kwa mtu asiye na mshahara, karatasi hiyo inabeba mengi. Huombwa kwa *334#, unachagua My Account kisha M-PESA Statement, au kupitia programu ya M-Pesa kwenye simu, nayo hutumwa kwa barua pepe. Faili huja limefungwa, na hufunguliwa kwa nambari ya siri inayotumwa kwenye simu. Juu kabisa kuna jina la mteja na nambari ya simu. Chini yake kuna muhtasari wa fedha zilizoingia na zilizotoka kwa aina ya miamala, na baada ya hapo mstari mmoja kwa kila muamala: tarehe, saa, aliyetuma au aliyetumiwa, kiasi na salio. Afisa wa benki hutazama kwanza jina, kisha safu ya Paid In. Anataka kuona fedha zinazoingia zinafanana na kazi uliyoisema. Watu huogopa mistari ya Fuliza au ya kubashiri mechi. Hayo humtia shaka anayetoa mkopo. Anayefungua akaunti hayamhusu sana.

Taarifa ya fundi ilipofunguka, jina la juu halikuwa lake. Lilikuwa la mpwa wake. Laini ilinunuliwa zamani kwa kitambulisho cha kijana huyo, fundi akiwa baharini, na tangu siku hiyo kila mteja aliyemlipa kwa simu alimlipa, kwa mujibu wa karatasi, mtu mwingine. Hakuna aliyedanganya. Lakini benki haiwezi kupokea taarifa ya mpwa kuwa ushahidi wa kipato cha mjomba, na hata nambari yenyewe isingefaa kuunganishwa na akaunti, kwa kuwa ujumbe wa benki na namba za siri zingekuwa zinafika kwenye laini ambayo kisheria ni ya mwingine.

Mtu anaweza kulijua hili mapema bila kwenda popote. Ukiwa na laini ya Safaricom, piga *106# utaonyeshwa nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Njia nyepesi zaidi ni kumwomba mtu akutumie shilingi chache kwa M-Pesa na kusoma jina linalotokea kwake. Likiwa si lako, maliza jambo hilo kabla ya kupanga foleni benki. Fundi na mpwa wake walikwenda pamoja kwenye duka la huduma, kila mmoja na kitambulisho chake, laini ikahamishwa. Ile historia ya miezi sita hatukuitumia tena. Ingezua maswali mengi kuliko majibu.

Basi tukabaki na swali la pili la benki bila ile karatasi niliyoitegemea. Nikamwuliza fundi ana maandishi gani ya kazi yake. Akanitolea daftari la shule, jalada limekauka kwa chumvi. Ndani yake kila chombo kina ukurasa wake: jina la mwenye chombo, urefu, bei waliyokubaliana, na chini yake mistari kama "mkuku umelazwa, ametoa 100,000" na "kalafati, ametoa 60,000", kila mmoja na tarehe. Aliliandika ili asigombane na wateja. Kwa benki lilikuwa ushahidi kwamba kazi ipo na ina mpangilio, ingawa peke yake halitoshi, maana kila mtu anaweza kujiandikia daftari.

Kilicholitia nguvu ni mkataba wa ile mashua ya Shela. Awali ulikuwa wa mdomo, kama desturi ya Matondoni, ambako bei hukubaliwa chini ya kibanda na shahidi ni waliokaa hapo. Tuliuandika kwenye ukurasa mmoja. Tukaweka majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, kazi yenyewe, bei ya 720,000, awamu tatu na hatua ya ujenzi inayoambatana na kila awamu, na kwamba malipo yatapitia benki. Wakatia saini wote wawili na mashahidi, na tarehe. Mteja akaongeza nakala ya kibali cha biashara yake, jambo ambalo si lazima lakini lilisaidia sana, kwa sababu benki ilimwona mlipaji mwenye anwani na shughuli inayojulikana. Kwa mtu anayelipwa kwa mafungu makubwa, nauona mkataba kuwa hati bora kuliko taarifa ya simu, kwa kuwa unaeleza fedha zitakazokuja.

Hati ya tatu ilikuwa barua ya chifu. Benki huitaka kwa mambo mawili: makazi na kazi. Huku hakuna nambari za nyumba, na umeme ukiwa wa tokeni hakuna bili inayokuja kwa jina lako, kwa hiyo chifu ndiye anayeweza kusema unaishi wapi. Barua ya kwanza aliyoileta fundi ilikuwa na muhuri mzuri na maneno ya sifa: ni mtu mwema, mwaminifu, asaidiwe kwa lolote. Haikuwa na nambari ya kitambulisho wala haikutaja kazi. Barua kama hiyo humheshimu mtu lakini haijibu swali hata moja la benki. Tulimpelekea chifu maneno haya, naye akayakubali baada ya kubadilisha machache:

"Huyu ni (majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho), mwenye kitambulisho nambari (…), mkazi wa Matondoni. Namfahamu kwa zaidi ya miaka 20. Kazi yake ni kuunda na kutengeneza mashua, na hulipwa na wateja wake kwa kila chombo. Barua hii ameiomba kwa ajili ya kufungua akaunti ya benki."

Tarehe, saini, muhuri na nambari ya simu ya ofisi vikafuata. Angalieni kwamba chifu hakutaja kiasi cha kipato. Hajui, na akitaja takwimu isiyolingana na fomu, barua itamgeuka mwenyewe.

Fomu ya benki ina sehemu nyingi za kujaza upesi: mrithi au mtu wa karibu, anwani, kama una uraia au ukaazi wa kikodi wa nchi nyingine, kama unashika cheo kikubwa cha umma. Hapo fundi alijibu bila taabu. Palipomsimamisha ni pale panapouliza fedha zinazotarajiwa kupita kwenye akaunti kwa mwezi.

"Andika elfu ishirini," akasema.

"Kwa nini ishirini, Ami?"

"Nikiandika nyingi si watanitoza nyingi?"

Hofu hii ninaielewa, lakini ndiyo inayowaletea watu shida baadaye kuliko hati yoyote iliyokosekana. Takwimu hiyo si ya kukata ada wala kodi. Benki huiweka kwenye mfumo kuwa kipimo cha kawaida yako, na fedha zikizidi sana kipimo hicho, mfumo humwamsha mtu wa kukagua. Fikirini: fundi ameandika 20,000 kwa mwezi, na wiki ya pili zinaingia 300,000 kwa mara moja. Hata kama fedha ni halali tupu, benki italazimika kumwita aeleze, na huenda akazuiwa kuzitoa mpaka aeleze. Naye wakati huo ana mbao za kulipia na vibarua wanasubiri.

Tulichukua daftari tukahesabu mwaka uliopita. Mashua moja ya 480,000, nyingine ya 350,000, na matengenezo madogomadogo yaliyofika 130,000. Jumla 960,000. Ukigawanya kwa miezi 12 unapata 80,000. Hizo si faida yake. Ndani yake mna mbao, misumari, pamba ya kalafati na ujira wa wasaidizi. Lakini swali la fomu ni la fedha zinazopita, halikuuliza zinazobaki. Tukaandika 80,000 kuwa wastani wa mwezi, na pembeni tukaongeza kwa maandishi kwamba malipo huja kwa mafungu, fungu moja laweza kufika 300,000, na kwamba mkataba umeambatishwa. Penye chanzo cha fedha tukaandika "kazi ya kujitegemea, kuunda mashua". Wengi huandika "biashara" tu, na hilo humlazimu afisa kuuliza tena, pengine hata kudai cheti cha usajili wa biashara. Fundi hana jina la biashara lililosajiliwa wala halihitaji, kwa sababu akaunti ni ya jina lake mwenyewe.

Saini nayo ilileta mjadala mfupi. Fundi husaini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyozoea madrasa, na alikuwa amejaribu kuibadilisha siku hiyo iwe ya Kizungu kwa kudhani benki haitaipokea. Nilimzuia. Benki inachohitaji ni mfano wa saini ambao kesho na kesho kutwa utalingana. Saini aliyoibuni asubuhi hiyo asingeweza kuirudia vilevile mwezi ujao, na saini isipolingana fedha hazitoki. Akatia ile yake ya siku zote, ileile iliyokuwa kwenye mkataba.

Siku ya kurudi benki alibeba kitambulisho, karatasi ya pini, picha, mkataba na nakala yake, barua ya chifu na daftari. Aliomba akaunti ya kawaida ya mtu binafsi, hakutaja mkopo. Afisa alisoma mkataba, akapiga simu ofisi ya chifu kuhakikisha barua, akanakili kurasa mbili za daftari. Akauliza mteja wa Shela wamejuana vipi. Fundi akamweleza. Nambari ya akaunti ilitoka siku hiyohiyo, na kadi ikafuata baadaye. Kuhusu kiasi cha kufungulia, benki hutofautiana. Nyingine hazidai chochote na nyingine hutaka kiasi kidogo, na hilo laweza kuulizwa kwa simu kabla ya kuvuka maji.

Awamu ya kwanza ya 300,000 iliingia mkuku ulipolazwa. Benki ilimpigia simu mara moja kuuliza kama ndiyo ile ya mkataba, akasema ndiyo, wakamaliza. Awamu ya pili haikumletea simu.

Mvuvi angeyapita haya kwa njia fupi zaidi kidogo. Wavuvi wa Lamu wana vikundi vya usimamizi wa fukwe, vile tunavyoviita BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, na mwanachama anaweza kupata barua ya kikundi inayotaja bandari yake na kazi yake. Akiwa na leseni ya uvuvi iliyo hai kwa jina lake, ni bora zaidi. Mwanamke anayeuza mahamri na viazi vya karai mlangoni kwake hana mkataba wala kikundi cha namna hiyo, na kwake taarifa ya M-Pesa ndiyo nguzo, kwa hiyo suala la laini kuwa kwa jina lake linamhusu zaidi kuliko lilivyomhusu fundi. Akianza kupokea malipo ya wateja kwa Pochi la Biashara badala ya kuyachanganya na fedha za nyumbani, baada ya miezi michache atakuwa na taarifa inayosomeka vizuri. Wote wawili wataulizwa maswali yaleyale mawili.

Ikitokea bado benki inadai hati ya mshahara kwa akaunti ya kawaida, mwulizeni afisa kwa upole ni aina gani ya akaunti aliyoifungua kwenye mfumo wake, na mwombeni orodha ya hati kwa maandishi. Mara nyingi orodha iliyoandikwa ina maneno "au ushahidi mwingine wa kipato", ambayo hayakusemwa kaunta. Benki ina haki ya kutaka maelezo zaidi kwa mtu ambaye fedha zake ni kubwa au hazieleweki, na matawi hayafanani. Lakini kumwambia mtu kwamba asiyeajiriwa hawezi kuwa na akaunti si kweli, na meneja wa tawi akiulizwa kwa heshima hulirekebisha. Asipolirekebisha, lalamiko la maandishi hupelekwa makao makuu ya benki yenyewe kwanza, kisha Benki Kuu.

Lililobaki kwa fundi ni KRA. Mwenye pini anatakiwa kuwasilisha marejesho ya mwaka uliopita kabla ya Juni 30 kwisha, na mtu binafsi asiyewasilisha hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Kijana wa saiba alitaka kumjazia sifuri kwa miaka yote, kama wanavyowafanyia wengi. Sifuri ni ya mtu asiyekuwa na kipato, na fundi sasa ana mkataba na akaunti vinavyosema vingine. Mwaka jana mapato yake yote yalikuwa 960,000. Mwaka huu, mashua ya Shela ikijumlishwa na kazi nyingine, anaweza kupita shilingi milioni 1, na tangu 2023 mwenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3. Tumekubaliana aende kwenye meza ya KRA na daftari lake awamu ya tatu ikishaingia, aeleze hesabu zake kama alivyozieleza benki.